Laki Nne za Siku Ishirini

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na kila aliyepanda ngazi alifika juu akinuka kama ukuta mpya. Mlangoni hapakuwa na kibao, na waliofanya kazi humo hawakukitaka. Kazi yao ilikuwa kupokea simu za watu, wengi wao wanawake, ambao hawakutaka ijulikane kwamba wamepiga simu.

Mkuu wa pale aliitwa Sista. Zamani alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, na jina la kazi likamganda hata alipoacha sare. Dada yake wa tumbo moja, ambaye ndiye mkubwa, naye alimwita Sista. Alikuwa ameshona vidonda vingi katika maisha yake, na alichoka kuona vilevile vikirudi mwezi ukiisha, kwenye uso uleule, vikiwa na hadithi ileile ya kujikwaa mlangoni. Ndiyo sababu alifungua ile nambari ya simu.

Msaidizi wake wa karibu alikuwa mama mstaafu waliyemwita Mwalimu. Miaka mingi sauti yake ilikuwa ya kunyamazisha darasa la watoto sitini. Sasa alikuwa ameifundisha yenyewe kunyamaza. Aliweza kukaa na simu sikioni kwa muda mrefu bila kusema chochote zaidi ya "nipo, mwanangu," na aliyeko upande wa pili akajua kweli yupo.

Simu zao zilipita kwenye mtandao, kupitia kampuni iliyowakodishia laini kwa mwezi. Unalipa mwanzo wa mwezi, unatumia, mwezi ukiisha unalipa tena. Walikuwa kwenye mpango mdogo: laini tatu kwa laki tatu. Watu watatu wakiwa wanaongea, wa nne anasikia mlio wa simu kuwa bize. Kwa muda mrefu hilo halikuwa tatizo. Kuna siku wasikilizaji walishinda wakichambua mboga za nyumbani kwao, simu zimelala mezani kama paka.

Kisha redio moja ikatangaza habari zao asubuhi, saa ambayo akina mama wako majumbani. Kesho yake maji yakazidi unga. Laini tatu hazikupoa. Na siku ya tatu akapiga mwanamke ambaye kati yao walimwita Mama wa Jikoni.

Hawakujua jina lake. Alikuwa akipiga akiwa jikoni kwake, bomba likiwa limefunguliwa ili maji yafiche sauti, na alinong'ona kiasi kwamba ilibidi ubane kipokezi sikioni mpaka sikio liume. Sista ndiye aliyemzoea.

"Nilidhani mmefunga," alisema siku hiyo. "Jana nimepiga mara nyingi."

"Hatujafunga, mdogo wangu. Laini zilijaa."

"Jana ndiyo nilikuwa na nafasi." Maji yakatiririka. "Leo sina. Nilitaka tu kujua kama bado mpo."

Akakata. Sista alikaa amekishika kipokezi kama mtu aliyepewa kitu ashike na mwenyewe ameondoka. Halafu akampigia shemeji yake.

Shemeji, mume wa dada yake, ndiye aliyekuwa mweka hazina. Hakuwa mchoyo, alikuwa mwangalifu, na wafadhili walimpenda kwa hilo. Yeye ndiye mmiliki wa akaunti kwenye ile kampuni ya simu, na mabadiliko yoyote yalihitaji namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake. Malipo yalitoka kwenye kadi ambayo yeye huijaza kila mwezi kutoka benki, kiasi kilekile kinachodaiwa na si zaidi, kwa kuwa wafadhili hawakutaka pesa zao zilale ovyo.

"Shemeji, nataka tupande mpango mkubwa. Laini kumi."

"Bei gani?"

"Laki tisa kwa mwezi."

Akapumua. "Bajeti inaruhusu. Lakini mwezi wa malipo umetumika siku kumi tu, bado ishirini. Subiri uishe, tupande na mwezi mpya. Mambo ya katikati ya mwezi yana mahesabu yake."

"Shemeji, mtu anazama, nimwambie asubiri mwezi uandame?"

"Wewe na maneno yako." Lakini alicheka, na dakika chache baadaye akamsomea ile namba ya siri.

Kwenye skrini, chini ya kitufe cha kuthibitisha, kulikuwa na sentensi moja ndogo: tofauti ya bei kwa siku zilizobaki itaingizwa kwenye ankara ijayo. Sista aliisoma. Aliisoma kama watu wanavyosoma karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa, kwa macho tu. Akabonyeza, na papo hapo laini zikawa kumi. Hakuna pesa iliyokatwa siku ile, naye akaona jambo limekwisha.

Zilikuwa siku njema, kama kazi ile inaweza kuwa na siku njema. Mlio wa bize ukatoweka. Waliongeza wasikilizaji wa kujitolea. Mama wa Jikoni akapiga tena, na tena, na kila mara alipokelewa, mpaka siku moja, katikati ya maji ya bomba, akasema neno ambalo Sista hakuwahi kumsukuma alitamke.

"Nataka kutoka."

Wakapanga. Jumamosi mume wake huondoka asubuhi na rafiki zake na hurudi alasiri. Akishatoka, mama atapiga. Atataja mahali pa kuchukuliwa, maana mpaka siku ile alikuwa hajathubutu kutaja hata mtaa anaoishi, na Dereva atakwenda kumchukua pamoja na watoto wawili. Nyumba ya kufikia ilikuwa tayari, vitanda vimetandikwa.

"Na nisipopiga?" aliuliza.

"Utapiga."

"Na msipopokea?"

"Sasa tuna laini kumi, mdogo wangu," Sista alisema. "Tutapokea."

Jumamosi hiyo Sista alifika mapema. Dereva, mtu mnene wa mzaha mwingi, alikuwa ameegesha gari nyuma ya duka la rangi na anakula ndizi. "Leo nimeoga mara mbili," alisema. "Watoto wasije wakaniogopa." Mwalimu alikuwa ameshawasha kompyuta, lakini hakuwa ameketi. Alisimama mbele ya skrini, mkono kiunoni.

"Sista, hebu njoo uone hiki."

Juu ya skrini kulikuwa na mstari mwekundu. Huduma imesimamishwa. Ankara haijalipwa.

Mwalimu akachukua simu yake ya mkononi na kupiga nambari yao wenyewe. Wakasikiliza wote wawili. Sauti ya kike, laini, iliyorekodiwa, ikasema: nambari unayopiga haitumiki kwa sasa.

Sista alimpigia shemeji. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia dada yake, aliyekuwa kwenye duka lake.

"Ameondoka alfajiri na ndege," dada akasema. "Kwa wale wafadhili, si anakwenda kwenye mkutano? Atatua jioni. Kuna nini? Mbona unahema?"

"Kadi alijaza?"

"Alijaza Jumatano, mimi mwenyewe nilimsindikiza benki. Laki tisa, kama ulivyomwambia."

Ndipo Sista akapiga kampuni ya simu. Alisubiri kwa muda, kisha akapokelewa na mwanamke wa idara ya malipo, sauti changamfu ya mtu aliyeanza zamu sasa hivi. Sista akaweka sauti ya juu ili Mwalimu asikie.

"Pesa zenu zipo kwenye kadi," Sista alisema. "Laki tisa. Kwa nini mmetufungia?"

Vidole vikagonga kibodi. "Naona, mama. Ankara yenu ni milioni moja na laki tatu. Kadi tulijaribu Alhamisi ikakataa, Ijumaa ikakataa, na asubuhi hii. Taarifa zilitumwa kwenye barua pepe ya mwenye akaunti."

"Milioni na ngapi? Mpango mkubwa ni laki tisa! Mnatutoza mara mbili?"

"Hapana, mama. Mlipanda katikati ya mwezi. Una kalamu hapo? Nitakwenda polepole."

Mwalimu alikuwa ameshachukua kalamu ya ubao. Ubaoni kulikuwa na ratiba ya zamu. Akaifuta kwa kiganja.

"Mpango mdogo ni laki tatu kwa siku thelathini," mwanamke alisema. "Kwa siku moja ni elfu kumi. Mlikuwa mmeshalipia mwezi wote. Mkatumia siku kumi, mkapanda. Kwa hiyo siku ishirini za mpango mdogo mlizilipia na hamkuzitumia. Ishirini mara elfu kumi."

"Laki mbili," Mwalimu akasema.

"Laki mbili. Hiyo ni haki yenu, tumewarudishia. Si taslimu, inaingia kwenye ankara kama punguzo. Sasa, siku ishirini hizohizo mmezitumia kwenye mpango mkubwa. Laki tisa kwa siku thelathini ni elfu thelathini kwa siku. Mara ishirini?"

"Laki sita."

"Laki sita ndilo deni jipya. Toa zile laki mbili zenu, zinabaki laki nne. Hiyo ndiyo tofauti ya kupanda, kwa siku zilizokuwa zimebaki. Siku ile hatukuikata. Ilisubiri ankara ya mwezi unaofuata. Na mwezi unaofuata, ulioanza Alhamisi, unalipiwa mwanzo: laki tisa kamili. Laki tisa na laki nne."

Mwalimu alipiga mstari chini ya jumla. Milioni moja na laki tatu. Walisimama wakiitazama. Sista aliipitia tena kimoyomoyo kutoka juu, akitafuta kosa kama anavyotafuta kipande cha kioo kwenye kidonda, akitamani kukipata. Hakukuwa na kosa. Kila siku ilikuwa imelipiwa mara moja tu, kwa bei yake. Kama angekuwa anauza kitu, naye angehesabu vivyo hivyo.

Angeweza kupigana na mwizi, lakini hapa hapakuwa na mwizi.

"Sawa," alisema. "Ni halali. Sasa chukueni hizo laki tisa zilizopo, mtufungulie. Laki nne nitazileta hata kwa kukopa."

"Mfumo hauchukui nusu, mama. Ankara ni moja. Inajaribu kiasi chote, kikikosekana inaacha chote."

"Basi nikutumie zote kwa simu, sasa hivi."

"Akaunti yenu imesajiliwa kulipa kwa kadi. Njia nyingine hupitia kwa wahasibu, na wao wapo Jumatatu."

"Niweke kadi nyingine. Kadi ya dada yangu."

"Hiyo inawezekana." Sauti ikapata nguvu. "Ina pesa za kutosha? Basi mwenye akaunti aingie, atapata namba ya siri kwenye simu yake, na..."

"Mwenye akaunti yuko angani."

Sista hakungoja jibu.

"Turudisheni mpango mdogo, basi. Laini moja inatosha. Nahitaji laini moja tu, leo."

"Kushuka pia kunahitaji namba yake. Na hakuruhusiwi kama kuna ankara haijalipwa."

Mwalimu akasema, bila kucheka, "Kupanda mchongoma."

Wakati huo, kwenye skrini, chini ya mstari mwekundu, kitu kikasogea. Mfumo uliacha kuunganisha simu lakini haukuacha kuzihesabu. Kila aliyepiga na kukataliwa aliandikwa, muda aliopiga na tarakimu tatu za mwisho za nambari yake. Tarakimu nyingine zilikuwa nyota tupu. Sista mwenyewe ndiye aliyeomba ziwe nyota, walipoanza, ili hata mtu akivunja ofisi na kuiba kompyuta asiweze kujua nani alipiga.

Tisa, sifuri, nne.

"Ni yeye," Sista alisema, maana tarakimu hizo ndizo zilizotokea kila Mama wa Jikoni alipopiga. "Ametoka. Mume ametoka, mama anapiga."

"Nani, mama?" mwanamke wa malipo akauliza.

Kulikuwa na kanuni za kutomweleza mtu wa nje habari za mpigaji. Sista alizitunga yeye. Alimweleza yule mwanamke, kwa maneno machache, bila kutaja jikoni wala watoto, kwamba kuna mtu anapiga sasa hivi, na hatapata siku nyingine.

"Nipe tu nambari yake," alisema. "Ninyi lazima mnaiona. Nimpigie kwa simu yangu."

Vidole vikagonga kibodi, vikasimama, vikagonga tena. "Sioni," mwanamke alisema, na uchangamfu wote ulikuwa umemtoka. "Mliomba zifichwe mpaka kwetu. Nami naona nyota tu. Wallahi mama, kama ningekuwa na kitufe hapa ningekibonyeza. Anayeweza kufungua akaunti bila malipo ni msimamizi, na hayupo. Acha nimtafute. Usikate... au kata, nitakupigia mwenyewe."

Kwenye skrini tarakimu zilijitokeza tena. Tisa, sifuri, nne. Halafu mtu mwingine, saba, moja, moja. Halafu tena tisa, sifuri, nne.

Wasikilizaji wa zamu waliingia mmojammoja, wakavua viatu vyao mlangoni, wakaambiwa, wakaketi kwenye meza zao wakiwa na vipokezi visivyo na uhai mbele yao. Mmoja akasema twende redioni watangaze nambari nyingine. Mwalimu akatikisa kichwa. Kila mume mwenye redio angesikia pia, na mama yule asingesikia. Alikuwa jikoni na bomba wazi. Mwingine akasema tuzunguke na gari. Dereva, aliyekuwa amepanda ngazi kuuliza kuna nini, akasema yuko tayari, lakini wapi? Mji wenyewe una majiko mangapi?

Sista aliendelea kumpigia shemeji, ingawa alijua. Alipiga shirika la ndege, akaambiwa abiria hawezi kupewa ujumbe ila wa msiba. "Ni msiba," akasema. "Wa nani?" wakauliza, naye akakata.

Mwanamke wa malipo alipiga kama alivyoahidi. Msimamizi alikuwa amepatikana, harusini kwa mtu, na alisema hana kompyuta mkononi na utaratibu ni utaratibu. Aandikiwe, Jumatatu atalishughulikia la kwanza kabisa. "Nimemwandikia," alisema. "Nimemwandikia mara tatu. Niko na zamu mpaka jioni, mama. Mwenye simu akitua, nipigie mimi moja kwa moja, usirudishwe kwenye foleni." Akampa nambari yake mwenyewe ya mkononi, jambo ambalo bila shaka nalo lilikuwa na utaratibu wake.

Sista alikuwa ametumikia wodini miaka ya kutosha kujua kukaa na mtu ambaye huwezi kumsaidia. Unamshika mkono, unamlowanisha midomo, unamwambia jina lako. Lakini huyu hakuwa na mkono wa kushika. Alikuwa tarakimu tatu zinazokuja na kukoma. Na kilichomuuma zaidi ni kujua anachosikia mama yule: si mlio wa bize, ambao ungemwambia jaribu tena, bali sauti ile laini ya kike inayosema nambari haitumiki. Mtu yeyote angeelewa kwamba wamefunga na kwenda zao.

"Bado anapiga?" Dereva aliuliza kutoka mlangoni.

"Amenyamaza kidogo," Mwalimu akasema.

Wakakaa. Chini, mtu alikuwa akinunua rangi ya samawati na kubishana juu ya bei, na kila neno lake lilipanda ngazi. Baadaye tarakimu zikatokea mara moja zaidi, na pale pale tena, haraka haraka, kama mtu anayebisha mlango huku akitazama nyuma. Baada ya hapo hazikutokea.

Alasiri ikafika, saa ambayo mume hurudi. Mwalimu aliichukua kalamu ya ubao akataka kufuta ile hesabu, akaiacha, akaenda kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati ya jirani shemeji alipowasha simu. Alikuwa bado ndani ya ndege, watu wakitoa mizigo juu ya kichwa chake. Sista hakumsalimia. Alimwambia aingie kwenye akaunti, naye akaingia pale pale, amesimama kwenye njia ya katikati, abiria wakimsukuma. Dada akasoma tarakimu za kadi yake kutoka dukani. Mwanamke wa malipo, aliyekuwa amebaki baada ya zamu kuisha, akasubiri upande wake. Milioni moja na laki tatu zikakatwa. Mstari mwekundu ukaondoka kana kwamba haujawahi kuwepo.

Simu zikaanza kulia zote kwa pamoja.

Wasikilizaji wakapokea. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa analia, na binti aliyetaka kujua tu kama jambo alilofanyiwa lina jina. Mzee mmoja alimtafuta mwanawe. Sista alipokea pia. Kila alipoinua kipokezi alitega kwanza sikio asikie maji ya bomba, kisha akasema "nipo," akamsikiliza yule aliyekuwapo, kwa sababu naye alikuwa na shida yake na hakustahili kusikilizwa na mtu anayemsubiri mwingine. Dereva alikaa garini mpaka Mwalimu aliposhuka na kumwambia aende nyumbani.

"Jumatatu atapiga," Dereva alisema.

"Huenda."

Hakupiga Jumatatu. Shemeji aliporudi safarini alikuja ofisini moja kwa moja na sanduku lake. Alisimama mbele ya ubao, ambao hakuna aliyekuwa ameufuta, akafuata hesabu kwa kidole. Laki mbili. Laki sita. Laki nne.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ni hivyo." Halafu akageuka. "Sista, ningeweka milioni mbili kwenye kadi. Ungeniambia tu kuna kitu cha siku zilizobaki."

"Najua."

"Na mimi ningesoma barua pepe zangu."

"Najua, shemeji."

"Ulikuwa na haki kutaka kupanda siku ile. Laiti tungesubiri mwezi mpya..." Akaacha. Hakujua angeimaliziaje. Kama wangesubiri, siku ishirini zile mama asingepata laini, na huenda asingefikia kusema neno lile la kutoka. Kwa kuwa hawakusubiri, alilisema, akapiga simu, na hawakuwapo. Sista alikuwa ameshaligeuza jambo hilo pande zote, usiku na mchana, na kila upande lilikuwa na kona.

Waliandika jina la Sista kwenye akaunti, na la Mwalimu, ili siku nyingine mmoja akiwa angani wengine wawe chini. Shemeji akawashawishi wafadhili kadi iwe na ziada. Kampuni, kwa kuwa yule mwanamke wa malipo alisimamia jambo hilo mpaka mwisho, iliwarudishia elfu thelathini za siku moja waliyofungiwa, kama punguzo kwenye ankara ijayo. Sista alipoliona punguzo hilo alilitazama kidogo, akafunga ukurasa, asijue amshukuru nani.

Wiki ya pili zile tarakimu zilitokea, saa ambayo mama hakuwahi kupiga. Sista alikuwa na mtu kwenye laini. Mwalimu akapokea.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamume. Haikuwa na hasira. "Hii ni nambari ya nani?"

Walikuwa na jibu la swali hilo, lililoandikwa kwenye kanuni. "Ni duka la mapazia, baba," Mwalimu alisema kwa sauti yake ya zamani, ya darasani. "Tukusaidie nini?"

Mwanamume akafikiri. "Mnauza mapazia."

"Na vitambaa vya meza."

"Mbona mke wangu anapiga sana duka la mapazia?"

"Wateja wetu hupiga kuulizia mzigo mpya, baba. Mzigo umechelewa."

Mwalimu alisikiliza nyuma ya mwanamume yule, kwa ustadi wote aliojifunza, na hakusikia mtoto, wala sahani, wala mtu akitembea. Kisha mwanamume akasema asante, akakata.

Sista alipomaliza na mtu wake, Mwalimu alimweleza. Alimweleza yote, neno kwa neno, kama alivyoagizwa na kanuni, na Sista akauliza maswali yote ambayo kanuni ilitaka aulize. Kisha akauliza ambayo haikutaka. Alisema "anapiga" au "alikuwa anapiga"?

"Alisema anapiga."

"Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika," alisema. "Sasa umeniuliza, sina."

Waliarifu waliopaswa kuarifiwa, polisi kwanza, na waliopaswa kuarifiwa wakasema bila jina, bila mtaa, bila nambari kamili, watafanya nini? Walikuwa na haki. Sista alikuwa amekutana na watu wengi wenye haki mwezi ule.

Alivuta kiti, akaketi mezani pake. Laini mbili zilikuwa zinawaka, na wasikilizaji wote wengine walikuwa wameshika simu. Akachukua ya kwanza.

"Nipo," alisema. "Sema polepole. Hakuna haraka."